Hongera kwa rekodi ya mita 1500, na kazi iliyo mbele yako

Moshi, 19 Mei 2026

Neema, Kidato cha Tatu B,

Hongera sana, binti. Muda wako wa Jumamosi ni 4:51.3, na kuanzia leo ndiyo rekodi ya shule ya mita 1500 kwa wasichana. Ile ya 2011 ilikuwa 4:58.6. Fundi rangi atakuja wiki hii kubadilisha ubao wa ukumbini, na Mkuu wa Shule ataitangaza mstarini Ijumaa.

Kwa kuwa maneno yameshaanza kwamba saa ilibonyezwa mapema, nakuandikia tulivyopata muda huo ili uweze kumjibu yeyote. Saa zilikuwa tatu, kila moja na mwalimu wake, na zilianzishwa kwa moshi wa bastola, si kwa mlio. Zilisoma 4:51.18, 4:51.26 na 4:51.41. Muda wa saa ya mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo zikawa 51.2, 51.3 na 51.5. Zikitofautiana zote tatu, inachukuliwa ya katikati. Uwanja nao tuliupima Ijumaa kwa tepu ya chuma, sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa chokaa wa ndani, kama inavyotakiwa kwa uwanja usio na ukingo. Hukupendelewa hata nusu sekunde.

Sasa tuuangalie mchezo wenyewe, maana humo ndimo ilimo kazi yako. Mita 300 za kwanza ulipita kwa sekunde 57. Mzunguko uliofuata ulikuwa 79, kisha 81, na wa mwisho 74.3. Watu wote wanazungumzia ule wa mwisho, jinsi ulivyowapita wawili kwenye kona. Mimi nimeuwekea alama nyekundu ule wa 81. Ni mzunguko ambao karibu kila mkimbiaji wa 1500 husinzia: joto la kuanza limekwisha, kengele haijalia, na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Wewe ulimsubiri dada wa Kidato cha Nne aliyekuvuta tangu mwanzo (umshukuru, bila yeye usingefika 700 kwa 2:16), naye alikuwa ameshachoka. Halafu ulikimbia kona zote mbili ukiwa bega kwa bega naye, kwenye njia ya pili. Kila kona unayokimbia njia ya pili inakuongezea karibu mita nne, na kwa kasi yako hiyo ni karibu robo tatu ya sekunde. Kona mbili, sekunde moja na nusu imekwenda bure. Ama kaa nyuma yake karibu na mstari wa ndani bila kuukanyaga, ama mpite kwenye sehemu iliyonyooka uimalize hiyo habari. Kubaki pembeni yake kwenye kona ni kulipa nauli mara mbili.

Kosa hilo haliondoki kwa kukaza moyo siku ya mashindano. Linaondoka Jumanne jioni, watu wakiwa hawapo. Kuanzia wiki ijayo Jumanne utakimbia 400 mara tano kwa sekunde 78, ukipumzika dakika mbili katikati. Mbili za kwanza utaziona rahisi na utatamani kukimbia 74. Usifanye hivyo. Ukienda 74 mwanzoni, ya nne itatoka 83 na utakuwa umeufundisha mwili kulala palepale unapolala kwenye mashindano. Ya tatu na ya nne ndizo za kuangalia: zikitoka 78 hadi 79, zoezi limefaulu hata kama hakuna aliyekupigia makofi. Jumamosi ni mlima, sekunde 45 kupanda kwa nguvu mara nane, unarudi chini kwa kutembea. Jumatatu na Alhamisi ni mbio nyepesi za dakika 30 hadi 35, na nyepesi maana yake unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi. Hapa ndipo wakimbiaji wazuri wa shule huharibikia: siku nyepesi wanashindana wao kwa wao, siku ngumu wanafika wamechoka, mwisho kila siku inakuwa ya kasi ya katikati isiyojenga kitu. Jumatano, Ijumaa na Jumapili hukimbii.

Wiki hii usikimbie kabisa hadi Alhamisi. Najua wenzako wanakuomba ushindane nao jioni, na mwenye rekodi akikataa anaitwa mwoga. Waache wakuite.

Nimesikia pia kwamba umeanza kuamka saa 10 alfajiri kukimbia kuzunguka mabweni. Acha. Prepo inaisha saa 3 na nusu usiku, taa zinazimwa saa 4, kengele ya usafi ni saa 11. Hizo ni saa saba, na msichana wa umri wako anahitaji nane au zaidi. Ukiiba saa moja kutoka kwenye usingizi, mwili hautengenezi ulichokivunja jioni, na wa kwanza kulalamika huwa ni muundi. Nimezungumza na matroni: Jumamosi na Jumapili utaruhusiwa kulala saa moja baada ya chakula cha mchana.

Kuhusu huo muundi, jifunze kutofautisha. Maumivu yaliyotawanyika mbele ya mguu, yanayopungua ukishapasha mwili moto, yanataka upunguze mbio na ukimbie kwenye nyasi. Lakini ukibonyeza mfupa kwa kidole kimoja ukapata mahali pamoja panapouma sana, na panauma hata usiku ukiwa kitandani, hiyo inaweza kuwa ni ufa kwenye mfupa. Siku hiyo hiyo unasimama, unakuja kwangu, tunakwenda hospitali. Usimeze diklofenaki ili umalize mazoezi. Dawa inanyamazisha maumivu, ufa unaendelea.

Chakula cha shule kinatosha ukikila chote. Maharage, dagaa na mchicha vina madini ya chuma unayoyahitaji, ila ukinywa chai pamoja navyo chai inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Iache ipite saa moja. Chungwa au ndimu pamoja na mlo husaidia upande mwingine. Wapo wasichana wanaoanza kula nusu sahani baada ya kushinda, wakiamini wembamba ni kasi. Miezi michache inaenda vizuri, kisha damu inapungua na muda unarudi nyuma. Na hili nakuomba ulichukue kwa uzito: hedhi ikikosekana miezi mitatu, usifurahie kwamba umepumzika. Ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha. Mwambie matroni, naye atajua la kufanya.

Likizo ya Juni utakuwa nyumbani Kibosho. Barabara yenu ni mteremko mkali, na watoto wengi wa kule huharibu magoti kwa kushuka mbio kwenye lami. Panda ukikimbia, shuka ukitembea. Mara nne kwa wiki zinatosha, dakika 30. Ukichaguliwa kambi ya UMISSETA, ratiba hii inasimama na unafuata ya kocha wa kambi, hata kama unaona yangu ni bora. Mkimbiaji mwenye makocha wawili kwa wakati mmoja hana kocha.

Watakuja watu. Wapo wa klabu wenye nia njema, wapo watakaokuahidi raba, simu na safari. Wote jibu moja: wamwone Mkuu wa Shule pamoja na mzazi wako. Usisaini karatasi, usipokee kinywaji wala vidonge vya kuongeza nguvu kutoka kwa mtu yeyote. Sheria ya riadha haiulizi nani alikupa; kikikutwa mwilini mwako ni chako.

Na sasa Kemia. Umepata 38 kwenye jaribio la Aprili, ukashuka kutoka 61. Mwalimu wako wa darasa amenionyesha, na tumekubaliana hivi: mazoezi yanaisha saa 11 na nusu jioni, si dakika moja zaidi, na saa 1 na nusu uko prepo umeshaoga na kula. Jaribio la Juni likishuka chini ya 50, Jumanne utakuwa kwenye masomo ya ziada badala ya uwanjani. Usiione kama adhabu. Mwakani una mtihani wa taifa, na cheti hicho kitakufungulia milango mingi ambayo 4:51 haiwezi kuifungua.

Mfano upo jirani. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizi hizi Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo. Miaka miwili baadaye, Montreal 1976, Tanzania ilisusia Olimpiki na hakukimbia. Alikuwa na rekodi mkononi na hana pa kuitumia. Mwaka 1979 rekodi yenyewe ikavunjwa. Mwaka 1980, Moscow, alikuwa bado yupo kwenye mazoezi, safari hii mita 3000 kuruka viunzi na maji, na akarudi na medali ya fedha. Ukitaka kujua nidhamu ninayokudai, tazama miaka ile sita, zaidi ya siku ile moja ya Christchurch. Au Alphonce Simbu: shaba ya marathoni London 2017, dhahabu Tokyo 2025, miaka minane katikati, na mwishowe akashinda kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde.

Rekodi yako nayo itavunjwa, pengine na yule mdogo wa Kidato cha Kwanza aliyemaliza wa tano akiwa peku. Nataka umchukue kwenye mazoezi mepesi ya Jumatatu, umfundishe kupasha mwili moto: dakika kumi za kukimbia polepole, kunyoosha viungo ukiwa kwenye mwendo, kisha mita 80 mara nne ukiongeza kasi kidogo kidogo. Yeye alisimama kwenye mstari wa kuanzia akiwa baridi kama jiwe.

Nunua daftari dogo. Kila siku andika mistari mitatu: ulichokimbia, ulilala saa ngapi, kinachouma. Usiandike ulivyojisikia shujaa. Nitalipitia kila Ijumaa.

Alhamisi saa 10 jioni njoo stoo ya michezo na raba zako. Ile ya kushoto soli imelika upande wa nje, nataka kuona kama tatizo ni raba au ni namna unavyokanyaga. Spaiki za shule za namba 38 zipo jozi moja. Ukizichukua utasaini, na misumari iliyolegea utaikaza mwenyewe kabla ya kuzivaa.

Wako,

Mwl. Massawe
Mwalimu wa Michezo

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Tatu B, Matroni, Mzazi