Skripti ya Kipindi cha Moja kwa Moja: Mwani, Maji ya Moto na Bei ya Kilo

Hewani saa 4:05 hadi 4:55 asubuhi. Studioni: mkulima wa mwani wa Paje. Kwenye simu: mtafiti wa bahari, kuanzia saa 4:22.

Kwa mtangazaji: mtafiti ni mzungumzaji hodari, atakula muda usipomwangalia. Kipindi hiki ni cha mama. Yeye aanze, na yeye amalize.

SAA 4:05. Muziki wa kipindi ushuke.

MTANGAZAJI: Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaotusikiliza, majumbani, kwenye daladala na huko pwani. Leo ni maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, ndiyo maana tumempata mgeni wetu. Lingekuwa bamvua, saa hizi angekuwa ndani ya maji, mgongo umeinama, anafunga mbegu. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na walioibeba kazi hii kwa wingi ni wanawake. Bi Mkubwa, shikamoo. Karibu sana.

(Aitikie, asalimie watu wake.)

MTANGAZAJI: Tupeleke shambani, Bi Mkubwa. Siku ya bamvua, tangu unatoka nyumbani mpaka unarudi, unafanya nini?

(Dakika 4. Usimkatize hata akinyamaza kidogo, anafikiri. Akitaja vigingi au taitai, mwombe awaeleze wasiowahi kuviona.)

MTANGAZAJI: Na ulipoanza, nani alikufundisha? Nyumbani walisemaje?

(Dakika 2. Akigusia mambo ya ndoa, mwache aseme anachotaka mwenyewe. Usichimbe.)

MTANGAZAJI: Ukishavuna, ukaanika, gunia zima la mwani mbichi linabaki kiasi gani likikauka? Na mvua ikikukuta umeanika?

(Dakika 2.)

SAA 4:20. Kiungo cha kumwingiza mtafiti.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, pengine asubuhi hii umepiga mswaki na mwani bila kujua. Ndani yake mna karajinani, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu zishikane. Mwani wa kotonii ndio wenye bei nzuri, lakini kwenye maji haya ya kina kifupi unakufa. Spinosamu unastahamili zaidi, na bei yake ni ndogo. Daktari, uko nasi? Kwa lugha ya sokoni tafadhali: kotonii anakufa kwa nini?

(Dakika 3. Akianza kutumia majina ya kisayansi, sema: “Tufafanulie hapo, Daktari.”)

MTANGAZAJI: Bi Mkubwa, wewe uliyaona lini matawi yanageuka meupe na kukatika? Maji yalikuwaje mguuni?

(Dakika 2. Hili ndilo swali ninalolitaka zaidi. Mama ameyashika maji haya kwa mikono yake kwa miaka. Daktari amsikilize, kisha aseme kama vipimo vinaafikiana naye.)

MTANGAZAJI: Daktari, mnashauri mashamba yahamie maji ya kina, yaliyo baridi kidogo. Bi Mkubwa, unajua kuogelea? Wenzako je? Chombo cha kuwafikisha huko ni cha nani?

(Dakika 4 kwa wote wawili. Akisema hajui kuogelea, usicheke wala usipite haraka. Mgeukie Daktari: “Basi ushauri huo unamfikiaje mama huyu?” Kisha nyamaza.)

SAA 4:36. Kiungo cha bei.

MTANGAZAJI: Tumefika kwenye jambo ambalo nadhani wengi mmelisubiri. Bi Mkubwa, kilo moja ya mwani mkavu umeuza kwa shilingi ngapi mara ya mwisho? Bei hiyo aliipanga nani? Uliwahi kuikataa?

(Dakika 4. Akimtaja mnunuzi kwa jina, mtulize kwa upole: “Tusimtaje mtu ambaye hayupo hapa kujibu.” Kisha rudi kwenye swali. Akisema hana pengine pa kuuza, uliza: “Na ule mnaosaga wenyewe na kutengenezea sabuni, unauzika?”)

SAA 4:41. Simu za wasikilizaji.

MTANGAZAJI: Laini ziko wazi. Tunaanza na wakulima wenyewe: Jambiani, Bwejuu, Makunduchi, na ndugu zetu wa Pemba. Taja unapopigia, uliza swali moja.

(Simu 4, dakika 2 kila moja, na jibu lake ndani ya muda huo. Laini zikiwa kimya, uliza: “Bi Mkubwa, binti yako utamrithisha shamba hili?” Hata simu zikijaa, nakuomba swali hili lipate nafasi.)

SAA 4:50. Kufunga.

MTANGAZAJI: Daktari, ahsante. Kwa sentensi moja, nini kinaweza kuanza kabla ya kaskazi na joto lake?

(Sekunde 40.)

MTANGAZAJI: Bi Mkubwa, neno la mwisho ni lako. Leo umemsikia Daktari. Unataka akija Paje aangalie nini kwanza?

(Dakika 2. Muziki uanze taratibu akishamaliza kabisa, si kabla.)

MTANGAZAJI: Ahsante sana, Bi Mkubwa, na bamvua lijalo liwe la heri. Saa 5:00 ni taarifa ya habari.