YAH: Viatu vya saizi isiyo sahihi, oda namba 2417

Ndugu muuzaji,

Habari za kazi. Tarehe 3 Machi niliagiza kwako viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, namba 42, nikalipa kwa simu shilingi 68,000 pamoja na 5,000 ya bodaboda hadi Tabata. Mzigo ulifika tarehe 6 jioni.

Boksi lina stika ya 42, lakini viatu vyenyewe vimechapwa 39 chini ya soli, vyote viwili. Nimejaribu kuvaa nikiwa nimekaa kitandani. Kisigino kimegoma kuingia hata kwa kijiko. Sijavitembelea nje, na karatasi za ndani bado zipo.

Nilipokutumia picha ulinijibu kwamba ngozi "itaachia" nikivaa siku mbili tatu. Ndugu yangu, namba tatu haziachii. Ukaniambia nisubiri mzigo mpya, bila kutaja siku. Nilivihitaji kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu tarehe 8, na siku hiyo nilivaa vya kuazima.

Kwa hiyo sitaki kubadilishiwa. Naomba unirudishie shilingi 73,000 zote, nauli ikiwemo, kwa namba ile ile niliyolipia, kabla ya Ijumaa tarehe 14. Tuma bodaboda wako avichukue, kwa gharama yako, kwani kosa si langu. Siku hiyo ikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha.

Wako,
Mteja wa oda 2417, Tabata