4.1 Grafu ya kalibresheni ya floridi

Kabla ya kupima maji ya visima vya miteremko ya Mlima Meru, tuliandaa miyeyusho sanifu minane ya floridi na kuipima kwa njia ya SPADNS, kwa mwanga wa nm 570. Kila myeyusho ulisomwa mara tatu, na wastani wake umo katika Jedwali 4.1.

Jedwali 4.1: Ukolezi wa floridi (C) na ufyonzaji wa mwanga (A)

| C (mg/L) | A |
|---|---|
| 0.00 | 0.840 |
| 0.20 | 0.801 |
| 0.40 | 0.760 |
| 0.60 | 0.715 |
| 0.80 | 0.675 |
| 1.00 | 0.633 |
| 1.20 | 0.587 |
| 1.40 | 0.549 |

Ufyonzaji ulipungua kadiri floridi ilivyoongezeka. Ndivyo inavyotarajiwa katika njia hii: floridi huinyang'anya rangi zirkoni iliyoshikamana nayo, na myeyusho hupauka. Kwa hiyo mteremko wa mstari ni hasi. Regresheni ya mstari kwa njia ya miraba midogo kabisa ilitoa mlinganyo huu:

A = 0.8420 − 0.2100C (R² = 0.9997, n = 8)

Kosa sanifu la mteremko ni 0.0015, na la kikato ni 0.0012. Thamani ya R² inaonyesha kwamba asilimia 99.97 ya tofauti za ufyonzaji zinaelezwa na ukolezi wa floridi. Mabaki hayakuzidi 0.003 na yalitawanyika juu na chini ya mstari bila mpangilio, dalili kwamba uhusiano ni wa mstari kweli katika masafa haya. Kosa sanifu la regresheni ni 0.0019, kutokana nalo, kikomo cha kugundua floridi ni 0.03 mg/L na kikomo cha kuipima kwa uhakika ni 0.09 mg/L.

Hatukutegemea R² peke yake. Myeyusho wa tisa, wa 2.00 mg/L, ulisomeka 0.448, ilhali mlinganyo ulitabiri 0.422. Ulipoingizwa kwenye regresheni, R² ilishuka hadi 0.9974 tu, thamani ambayo wengi wangeikubali bila swali. Hata hivyo, kwa mlinganyo wa awali usomaji huo ni sawa na 1.88 mg/L, pungufu kwa asilimia 6. Katika eneo ambalo maji mengi huvuka kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani cha 1.5 mg/L, upungufu huo si wa kupuuzwa. Tuliuacha nje myeyusho huo, na kila sampuli iliyozidi 1.40 mg/L ilizimuliwa na kupimwa upya.

Myeyusho wa uhakiki wa 0.50 mg/L, ulioandaliwa kando, ulisomeka 0.738, yaani 0.495 mg/L (asilimia 99 ya thamani halisi). Sampuli ya kisima cha kwanza, iliyozimuliwa mara 10, ilisomeka 0.729: 0.538 mg/L baada ya kuzimuliwa, sawa na 5.4 mg/L katika maji yenyewe.