Muhtasari wa Wosia wa Marehemu Baba Yenu

Nyumba: mama yenu ataishi humo maisha yake yote, ila hana ruhusa ya kuiuza. Akifariki, inakuwa yenu watatu kwa mafungu sawa.

Shamba ni la kaka yenu, kwa sharti asiliuze kabla ya miaka 10. Fedha za benki ni za mabinti wawili, nusu kwa nusu; fungu la mdogo litashikwa na msimamizi hadi atimize miaka 21, isipokuwa karo.

Msimamizi ni shangazi yenu. Atakusanya mali, atalipa madeni na gharama za mazishi, ndipo agawe, na atawaonyesha hesabu kwa maandishi.

Gari, mliloliulizia sana, halikutajwa. Linaingia kwenye mabaki, yaani mali ambayo wosia haukuitaja, na mabaki ni ya mama.