Ombi la Kazi ya Karani, Malaba

Mtaa wa Amagoro,
Tororo.
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Uchukuzi wa Mizigo,
Malaba.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: OMBI LA KAZI YA KARANI

Jumamosi nilisoma tangazo lililobandikwa mlangoni penu: "Anatakiwa karani mwaminifu, ajuaye Kiswahili na Kiingereza, aliye tayari kufanya kazi usiku." Majukumu hayakutajwa. Kwa kuwa ofisi yenu inatazamana na maegesho ya malori, nimeikisia kazi yenyewe. Nikikosea, mtanisahihisha kwenye usaili.

Neno "usiku" ndilo lililonishika. Mpaka wa Malaba haulali, na malori yatokayo Mombasa hayachagui saa ya kufika. Nadhani mnahitaji mtu wa kupokea nyaraka za dereva saa nane za usiku, alinganishe namba ya kontena na ya sili na zile zilizo kwenye karatasi kabla wakala wa forodha hajazigusa, na mwenye mzigo Kampala akiamka akute habari kwenye simu yake. Tarakimu moja ikikosewa hapa, huenda ikaja kuonekana Elegu, mzigo wa Juba umekwama na dereva anadai posho.

Kazi ya namna hiyo naijua. Tangu 2021 ni karani wa zamu ya usiku katika ghala la mahindi Busia. Usiku mmoja hesabu yangu ilipungukiwa na magunia 14 kuliko hati ya mzigo. Nilimzuia dereva, kwa heshima, maana ana umri wa kunizaa, tukahesabu upya pamoja. Kumbe magunia hayo yalikuwa yamepakiwa kwenye lori la pili, ambalo lilifika alfajiri. Sikutia saini hadi lilipofika.

"Mwaminifu" nimelielewa kuwa kuna fedha taslimu: posho za safari, dizeli, ada za maegesho. Ghalani nashika sanduku la matumizi madogo, na kila asubuhi nalikabidhi kwa saini mbili, yangu na ya mwenzangu wa mchana. Msimamizi wangu anajua ninaomba kazi hii na yuko tayari kuulizwa.

Kiswahili changu ni cha mpakani, lakini dereva wa Mombasa na utingo wake wananielewa, nami nawaelewa hata wakikasirika. Kwa Kiingereza naandika barua pepe bila kusaidiwa. Mfumo wa forodha wa URA sijautumia; huo nitahitaji kufundishwa.

Nimeambatisha wasifu wangu wenye namba ya simu, nakala za cheti cha UACE na kitambulisho cha taifa, pamoja na barua ya msimamizi. Naweza kuja mchana wowote, au mnipe usiku mmoja wa majaribio mjionee. Nikipata kazi, nitahitaji wiki mbili za kukabidhi ghala.

Wako mtiifu,

Akoth Stella