Mteja wa kwanza

Nilistaafu nina miaka 60 kamili, 34 kati ya hiyo nimevaa gauni jeupe. Mafao hayajatoka hata, watoto washaanza kuyapangia. Mmoja anataka ninunue bajaji, mwingine nifuge kuku wa mayai. Nikawaambia nafungua konsaltansi, nitazunguka kwenye zahanati za watu binafsi kuwafundisha kuzuia maambukizi, wakacheka mpaka wa mwisho akapaliwa na chai.

Basi nikaenda Makoroboi hapa Mwanza nikachapisha barua 40 za kujitambulisha, nikazisambaza kwa miguu Buzuruga, Igoma, Nyegezi mpaka kisigino kikavimba. Miezi miwili kimya. Siku moja nanunua karanga za mia tano stendi, nafungua kikaratasi, naona jina langu na namba yangu ya simu, mafuta ya karanga yamelowesha mpaka saini. Nilikula zile karanga kwa hasira.

Jumamosi yake niko Mwaloni Kirumba natafuta dagaa, nasikia nyuma yangu "Sista Veroo!" Kugeuka, Kulwa. Tulikuwa naye tieta, chumba cha upasuaji, miaka tisa, na niseme ukweli, hatukuwa marafiki. Niliwahi kumrudisha kunawa mara tatu mbele ya daktari, na akaninunia mwaka mzima. Sasa nikajua hapa nasutwa.

"Mwangaluka dada, nasikia umestaafu, unafanya nini siku hizi?"

Nikamweleza kwa aibu aibu, na habari ya karanga nikaitoa yote. Alicheka akashika ndoo ya mama wa watu asianguke. Halafu akawa siriasi ghafla. Kumbe yuko ng'ambo huko, upande wa Sengerema, ndo inchaji wa zahanati ya mzee mmoja aliyekuwa anafanya biashara ya sangara, na mzee anataka kuongeza huduma ila ana hofu na wakaguzi.

"Nilimwambia namjua mtu mmoja mkali sana, hana huruma kabisa. Namba yako nilikuwa nishaifuta." Akatoa simu. "Na usije ukamtajia elfu hamsini Vero, huyu ameuza minofu, ukiwa rahisi anajua umeoza."

Jumanne nikapanda feri ya Kamanga asubuhi. Mzee Magesa akanipokea vizuri, soda, kiti cha mto, stori za mitumbwi, mimi macho yangu yako kwenye chumba cha kufungia vidonda. Sefti boksi imejaa mpaka sindano zinachungulia, na ikifika robo tatu tu inatakiwa ifungwe. Sinki lina maji, sabuni hamna. Chini kuna ndoo ya jiki inanuka mpaka macho yanawasha.

"Umechanganyaje hii?" nikamuuliza kijana wa usafi.

"Kwa makadirio mama."

Nikamwambia lete chupa. Tukasoma lebo, 3.5%. Sisi tunataka 0.5% ya kulowekea vyombo dakika kumi, kwa hiyo kopo moja la jiki, makopo sita ya maji, kopo lile lile. Nikamshikisha kopo akapima mwenyewe, anahesabu kwa sauti, mzee amesimama mlangoni anahesabu naye midomo ikicheza. Makopo sita yalipoisha akauliza, "Kwa hiyo hawa wamekuwa wananimalizia jiki?"

Yaani watu wanaweza kuumwa, yeye kaona jiki! Lakini nikashukuru, maana hapo ndo alipoanza kunisikiliza.

Ikaja habari ya bei. Moyo unanienda mbio kama mwanafunzi siku ya kwanza wodini, miaka yote hiyo mshahara nilikuwa naletewa, sijawahi kumtajia mtu bei yangu. Nikameza mate. "Laki nne, wiki mbili, wafanyakazi wote, na wewe mwenyewe unakaa darasani."

Mzee akamtazama Kulwa. Kulwa akatazama dari.

"Laki tatu na nusu," mzee akasema, "na samaki."

Akanitumia laki na nusu ya kuanzia pale pale kwenye simu, akadai risiti. Risiti sina! Nikachomoa barua moja kwenye mkoba, zile zile za karanga, nikaandika kwa nyuma "nimepokea", tarehe na saini.

Kulwa akanisindikiza mpaka kwenye feri, kanibebea sato wawili kwenye mfuko. Nikamuuliza anataka chai ya shilingi ngapi kwa kuniunganisha.

"Sitaki hela yako. Darasani nikikosea kunawa, niite pembeni."

"Pembeni wapi? Mbele ya wote!"

Akanitupia mfuko wa samaki akaondoka anacheka, na mimi nikabaki natafuta kalamu nianze kuandika ratiba kabla feri haijafika mjini.