Nyumba Ipo

Mjukuu wangu Sharifa alinifungulia akaunti ya imo, ya kupigiana simu za video, siku ya pili ya Idi, mwaka 2023. Alipofika penye jina aliniuliza, "Babu, nikuandike nani?" Yeye alishaanza kuandika Mwalimu Hizza, jina ninaloitwa na nusu ya Makorora, hapa Tanga mjini. Nikamwambia futa, andika Nyumba_Ipo. Akanitazama kama anayetaka kuuliza, kisha akaandika.

Asiyecheza bao hawezi kujua maneno hayo yametoka wapi. Bao letu lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Katika safu ya mbele kila mchezaji ana shimo moja la mraba, la tano kutoka kushoto kwake. Hilo ndilo nyumba. Mnapoanza, unaweka kete 6 nyumbani, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 unabaki nazo mkononi. Nyumba yako ikiwa imenona, hata ukichapwa huku na huku mwenzako hapati usingizi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilicheza na Kombo, fundi cherehani, chini ya mwarobaini ulio mbele ya kwangu. Kila aliponila kete akawageukia watazamaji kujisifu, nilimwambia, "Nyumba ipo." Naye hujibu, "Mpaka lini, Mwalimu?" Nilipostaafu mwaka 2017, baada ya miaka 36 ya kufundisha hesabu katika shule za wilaya ya Muheza, tulihamia kucheza kila siku ya Mungu. Kombo alifariki Machi 2022. Sikucheza tena. Kila Ijumaa niliutoa ubao, nikaufuta vumbi, nikaurudisha uvunguni.

Kwa hiyo jina lile halikuwa la kuonwa na watu. Nililiandika kwa ajili yangu.

Kama wiki tatu baadaye, usiku nimeshavua kofia, simu ikaita. Sura ya binti nisiyemjua, mtandio umefungwa kwa haraka, nyuma yake mashine ya kufulia.

"Shikamoo. Samahani kwa kupiga usiku. Nyumba bado ipo?"

Moyo ulinipiga. Maneno yangu na Kombo kinywani mwa mtu mwingine! Nikajibu bila kufikiri, kama nilivyojibu miaka yote:

"Ipo."

"Alhamdulillahi. Iko upande gani?"

"Safu ya mbele, ya tano kutoka kushoto."

"Kutoka kushoto kwa wapi, baba? Ukitokea msikitini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamweleza kuwa mimi si dalali, ni mwalimu mstaafu, na nyumba yenyewe ni shimo la bao. Uso wake ulishuka. Alikuwa ameliona jina langu katika kundi la watu wa Tanga nililoingizwa na Sharifa, akadhani napangisha. Aliomba radhi mara mbili akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeomba vyumba vingi kabla ya kunifikia mimi. Asubuhi nikamwandikia: unatafuta nyumba ya namna gani, na kwa ajili ya nani? Akajibu usiku. Anaitwa Mwanahawa, kwao Pangani, anafanya kazi za ndani Sib, Maskati. Mama yake ana kliniki ya kila mwezi hospitali ya Bombo na safari za kwenda na kurudi zinamchosha. Anataka chumba kimoja tu mjini, chenye choo cha karibu na watu wema.

Jirani yangu Bi Saumu alikuwa na chumba cha uani kilichokaa bure tangu mwanawe aoe. Nilikwenda nikazungumza naye, tukakubaliana kodi. Mwezi haukuisha mama Mwanahawa alikuwa ameshatandika kitanda chake. Nikampigia mwanawe nikamwonyesha chumba chote, dirisha, kitasa, hata bomba. Alipomwona mama yake ameketi kwenye kitanda kile, aliweka kiganja mdomoni na kwa muda hakusema kitu.

Kisha akauliza, "Mwalimu, huo mchezo wako unachezwaje?"

Babu yake alikuwa mchezaji. Utotoni kazi yake Mwanahawa ilikuwa kuokota kete zilizoanguka chini, lakini hakuna aliyewahi kumwambia keti. Nilimuuliza kama ana ubao. Akasema nipe siku mbili. Siku ya tatu akanionyesha trei la mayai. Trei la mayai 30 lina mashimo matano kwa sita. Alikuwa amekata safu moja, yakabaki manne kwa sita, akaunga kipande cha manne kwa mawili kutoka trei la pili. Manne kwa manane. Nyumba mbili amezizungushia wanja. Kete zake ni kokwa za tende, zimeoshwa, zimekaushwa, 64 kamili. Nimefundisha watoto wengi hesabu, na mara chache nimeona zana ya kufundishia iliyonifurahisha kama ile.

Ubao wangu ukatoka uvunguni. Simu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa, juu ya kigoda cha Kombo, ili aone kutoka upande wa mpinzani. Hakuna mtu aliyekuwa amekalia kigoda kile tangu mazishi. Baraza zima lilijua, na watu walikipita kwa kukizunguka.

Yeye humaliza kazi saa nne u nusu za kwao, ambayo kwetu ni saa tatu u nusu. Tuliyahesabu mashimo moja mpaka nane ili tusielezane kwa vidole. "Namua tatu, nakwenda kushoto," husema, yaani anatia kete ya mkononi katika shimo la tatu, nami natembeza kete zake kwangu, naye za kwangu kwake. Akikosea hesabu, mbao mbili hazilingani, tunarudi nyuma mpaka tunapata pale tulipoachana. Wachezaji wa baraza walianza kusogea. Mwanzo walisema Mwalimu amezeeka, anacheza na simu. Baadaye wakawa wananong'ona, "Asile hiyo, asile hiyo," kana kwamba anawasikia.

Alikuwa na akili ya haraka na kosa moja. Kete zako zikikomea nyumbani baada ya kula, una hiari: ulale hapo, au uzichote zote usafiri nazo, uzisambaze mbele. Mwanahawa alilala kila mara. Nyumba yake ilijaa, kumi, kumi na tatu, na mimi nikaivizia mpaka nikaila nzima. Michezo saba mfululizo alishindwa hivyo hivyo.

"Mbona husafiri?" nilimuuliza.

"Naogopa, Mwalimu. Kitu nikishakijaza sitaki kukigusa."

Halafu, kwa kuwa usiku ule alikuwa amechoka, au kwa kuwa sikumharakisha, akaniambia habari ya kiwanja. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtumia fedha mtu wa kwao, aliyemnunulia kiwanja Pongwe na kuanza kumjengea. Shilingi milioni 7 zimeshakwenda. Ana picha za msingi. Ana karatasi yenye mhuri. Alikuwa hajamwambia hata mama yake, alitaka amshtukize kwa funguo.

Nilimwomba picha zile. Sikumwambia ninalowaza. Nilipanda daladala kesho yake, nikashuka Pongwe, nikaulizia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtu mwungwana. Aliitazama picha, akavaa viatu, tukaongozana. Msingi upo. Mwembe ulioonekana pembeni upo. Fundi alikuwa hapo anamwagilia matofali, akatutajia mwenye kiwanja, muuguzi mstaafu, na muuguzi mwenyewe tukamkuta mtaa wa pili ana nyaraka zake zote. Mhuri wa karatasi ya Mwanahawa, mwenyekiti alisema, haujawahi kuwa wa ofisi yake.

Nilirudi kwa miguu mpaka kituo cha mbali, nikikataa daladala mbili. Katika kazi yangu nimewaambia wazazi wengi kuwa mtoto hakuchaguliwa. Nilijifunza jambo moja tu kutokana nayo: usianze kwa kuzunguka. Anayesubiri anakusikia unavyozunguka, na anaumia mara mbili.

Usiku alipopiga, ubao ulikuwa umeshapangwa. Nikamwambia, "Mwanahawa, leo nilikwenda Pongwe. Kiwanja si chako. Umetapeliwa, mwanangu." Nikamweleza nilichokiona, hatua kwa hatua, na majina ya waliokuwa tayari kuandika ushahidi.

Hakulia. Aliangalia pembeni kwa muda mrefu mpaka nikadhani picha imeganda. Nilisikia mashine ya kufulia ikizunguka.

"Ameila nyumba," akasema.

"Ameila."

Akatazama trei lake. "Mbele bado nina kete, Mwalimu?"

Nikaangalia upande wake. "Unazo."

"Basi ni zamu ya nani?"

Tulicheza mpaka saa sita. Alishindwa, na sikumwachia hata kete moja, kwa sababu angejua.

Shauri lilikwenda polisi. Mimi na mama yake tulipeleka risiti zote za kutuma fedha, nikazipanga kwa tarehe kama daftari la mahudhurio. Mpaka leo zimerudi milioni 2 na nusu. Mengine yanafuatiliwa, na sitayazungumza hapa.

Mara ya kwanza aliyonishinda ilikuwa Ramadhani iliyofuata, baada ya tarawehe, baraza limejaa. Kete zake zilikomea nyumbani, kumi na moja. Nilingoja alale. "Nasafiri," akasema, na sauti yake ilitetemeka. Nikazichota mwenyewe, kwa mkono wangu, nikazisambaza, zikala, zikazunguka, zikala tena, mpaka safu yangu ya mbele ikabaki tupu kama sinia baada ya futari. Watu walipiga kelele hata Bi Saumu akatoka uani.

Mkataba wake uliisha Februari 2025. Siku aliyofika Tanga nilikuwa barazani, ubao mbele yangu, simu mfukoni. Mama yake alinijulisha tu kwamba wapo njiani. Nilimwona anakuja na buibui la safari, mfupi kuliko nilivyomdhania, ameshika mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Vijana walisimama kumpisha, mmoja akamvutia kiti cha plastiki. Hakukiona. Alizunguka ubao, akafika kwenye kigoda cha Kombo, akaliondoa kopo la maziwa na kuliweka chini, akaketi. Baraza likanyamaza. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za kigoda kile. Yeye kwa muda wote huo hajawahi kuuona ubao wangu kutoka mahali pengine.

Akafungua mfuko, akamimina kokwa za tende, akaanza kuhesabu. Sita nyumbani. Mbili. Mbili. Nyingine akazikusanya kiganjani.